Miaka 8 na bado anakojoa kitandani: daftari kwanza, kengele baadaye

*"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 8 na tangu azaliwe hajawahi kumaliza wiki nzima bila kukojoa kitandani. Mchana hana shida. Namkatia maji kuanzia saa kumi jioni na saa sita usiku namwamsha akakojoe, lakini alfajiri shuka limelowa vilevile. Baba yake anasema ni uvivu, ameshamchapa mara mbili. Siku hizi anaficha shuka uvunguni. Nimesikia kuna kengele inayofungwa kwenye chupi. Inasaidia kweli, au ni biashara ya watu? Na baada ya miezi minne darasa lao lina safari ya kulala nje siku tatu."*

Marahaba, mama. Nianze na neno "uvivu", maana lisipoondoka nyumbani kwenu, kengele unayoiulizia haitafanya kazi. Mvivu ni mtu aliye macho, anayejua la kufanya na asilifanye. Mwanao mkojo unapotoka yuko usingizini. Hajui umeanza kutoka, na akija kujua ni kwa sababu shuka limeshakuwa la baridi. Fimbo haimfikii aliyelala, inamfikia aliyeamka, na alichojifunza huyo aliyeamka ni kuficha shuka uvunguni.

Mwulize mumeo, kwa upole na mkiwa wawili tu, yeye mwenyewe aliacha akiwa na umri gani. Kama hakumbuki, amwulize mama yake. Nauliza swali hili kila siku, na mara nyingi mzazi mmoja hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Jambo hili linakwenda kwa damu. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto kukojoa ni kama 44 kwa 100, na wakiwa wote wawili unafika kama 77 kwa 100. Katika watoto wa miaka 7, kati ya 5 na 10 katika kila 100 bado wanakojoa usiku. Huenda yuko mwenzake darasani mwenye shida hiyohiyo, ila naye ameificha.

Usiku ukiwa wa kawaida, mambo matatu yanakwenda pamoja. Ubongo unatoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo inaziambia figo zipunguze mkojo mpaka asubuhi. Kibofu kinalegea na kukubali kujaa taratibu bila kujikamua. Na kikijaa kupita kiasi, ubongo unapata habari na kumwamsha mwenye kibofu. Kwa mtoto anayekojoa kitandani, lile la tatu halifanyi kazi vizuri: kibofu kinaita, ubongo hauitiki. Juu ya hilo huwa kuna mojawapo ya yale mengine mawili, au yote mawili. Ama figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku, ama kibofu kinajikamua kikiwa bado na mkojo kidogo. Ndiyo maana watoto wawili wenye shida inayofanana kwa nje wanaweza kuhitaji matibabu tofauti.

Sasa tuyatazame hayo mawili uliyokuwa unayafanya. Kumwamsha saa sita kunahamisha mkojo kutoka kitandani kwenda chooni kwa saa uliyoichagua wewe. Mtoto anatembea macho nusu, anakojoa, anarudi kulala, asubuhi hakumbuki kama aliinuka. Kibofu chake hakikuita na ubongo wake haukuitika, kwa hiyo hakuna kilichofundishwa. Usiku wa dharura unaweza kumwamsha ili kuokoa godoro, hakuna ubaya, ila usitegemee kuwa ndiyo tiba.

Kumkatia maji tangu saa kumi kuna hasara iliyojificha. Watoto wengi wa umri wake hawanywi shuleni, wanarudi na kiu, na ndipo wanapokatazwa. Kibofu kisichojazwa vizuri mchana kinazoea kupokea kidogo tu. Mkojo mzito nao unakiwasha na kukifanya kijikamue mapema. Mtoto wa miaka 8 anahitaji kati ya mililita 1000 na 1400 za vinywaji kwa siku, zaidi kukiwa na joto au akicheza sana. Mgawie mara sita hivi, sehemu kubwa iwe imekwisha kabla ya jioni, na kinywaji cha mwisho kiwe saa moja kabla ya kulala. Chai, kahawa na soda za kola aache, kwa sababu kafeini huongeza mkojo. Akojoe kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na mara moja kabla ya kupanda kitandani.

Kabla ya kununua chochote, nataka mfanye kazi ya wiki mbili: daftari. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa mbona kengele imeshindwa.

Tafuta jagi lenye alama za mililita. Mwishoni mwa wiki, siku mbili mtoto akiwa nyumbani, kila akikojoa mchana akojoe humo na mwandike kiasi na saa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi uandikwe peke yake, usichanganywe na wa mchana. Halafu kwa usiku saba mvalishe nepi ya umri wake. Ipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa kavu, na uipime tena asubuhi. Gramu moja iliyoongezeka ni sawa na mililita moja ya mkojo. Jumlisha na ule alioutoa alipoamka, upate mkojo wa usiku mzima. Usiku ambao ulimwinua kukojoa usiuhesabu. Kwa wiki zote mbili andika pia choo kikubwa: siku alizokwenda, kama kilikuwa kigumu au laini, na kama chupi ilikuwa na alama. Mweleze sababu ya ile nepi, kwamba ni kipimo cha siku saba, ili asidhani amerudishwa utotoni.

Kuna hesabu rahisi tunayoitumia. Chukua umri wa mtoto, ongeza 1, zidisha kwa 30. Kwa mwanao ni 9 mara 30, yaani mililita 270, ambacho ndicho kiasi kibofu cha umri wake kinatarajiwa kubeba. Kama mkojo wake mkubwa kuliko wote wa mchana haufiki theluthi mbili ya hapo, yaani kama 175, kibofu kinapokea kidogo. Kama mkojo wa usiku mzima unapita hiyo 270 kwa karibu theluthi moja, yaani zaidi ya 350 hivi, figo zake zinatengeneza mwingi usiku.

Nikupe mfano wa binti mmoja wa miaka 9 niliyemhudumia. Nina ruhusa ya wazazi wake kuueleza bila kumtaja. Alikuja na mama yake, akakaa ukingoni mwa kiti, macho sakafuni. Mama akawa anaeleza, na kila neno "kukojoa" lilipotoka, binti alikuwa anavuta mkono wa sweta ufunike vidole. Nikamsimamisha mama. Nikachukua karatasi, nikachora kibofu kama puto, waya mrefu unaopanda mpaka kichwani, na kichwani mtu mdogo aliyelala kando ya simu. Nikamwambia binti, "Huyu anapigiwa simu kila usiku. Hasikii. Si mbaya, ana usingizi mzito." Akaitazama picha kitambo, kisha akauliza, "Sasa tunamwekea simu kubwa?" Ni yeye aliyeuliza, si mimi.

Daftari lake lilionyesha kwamba mkojo wake mkubwa wa mchana ulikuwa 170, wakati kwa miaka 9 tungetarajia 300. Usiku jumla ilikuwa kama 330, ambayo si nyingi. Kwa hiyo figo zake hazikuwa na shida, kibofu ndicho kilichokuwa kinakataa kujaa. Ukurasa wa choo ndio uliotuonyesha sababu: alikwenda mara mbili kwa wiki, kigumu, na anakaa muda mrefu. Mama hakuwa anajua. Mtoto wa miaka 9 anajifungia mlango, nani atahesabu?

Utumbo wa mwisho na kibofu ni majirani wanaogawana chumba kidogo. Utumbo ukijaa choo kigumu unakisukuma kibofu kutoka nyuma, kinakosa nafasi ya kutanuka, na kinajikamua ovyo. Tulitibu kufunga choo kwanza kwa dawa ya unga ya kulainisha choo, na kukaa chooni dakika tano kila baada ya chakula, miguu imekanyaga kigoda. Ilichukua wiki sita. Kufikia hapo alikuwa anakojoa mililita 240 mchana, na usiku wa kulowa ulishuka kutoka saba kwa wiki hadi nne au tano, kabla hata kengele haijatoka kwenye boksi. Wapo watoto ambao shida yote huishia hapo. Yeye hakuishia hapo, ila kengele ilimkuta yuko tayari.

Mama, kuna mambo ambayo ukiyaona usikae na daftari nyumbani. Kama mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa sana mchana na amepungua uzito, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari. Hiyo inaweza kuwa kisukari, na kwa mtoto kisukari hakisubiri. Mpeleke pia upesi akikojoa kwa maumivu, akiwa na homa au mkojo wenye damu. Kama mkojo wake hauna nguvu na inabidi ajikaze, kama chupi inalowa mchana, kama anatembea tofauti na zamani, ana udhaifu wa miguu, au ana kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo, aonwe na daktari kabla ya mpango wowote wa kengele. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, naye achunguzwe koo na pua. Na mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena, tunamtazama kwa jicho jingine: tunatafuta ugonjwa mpya, na tunauliza taratibu kama kuna jambo limemtisha au mtu anayemuumiza. Mwanao hajawahi kukauka na mchana hana shida, kwa hiyo hayuko katika kundi hilo. Hata hivyo apelekwe mara moja akaguliwe tumbo, mgongo na miguu, na apimwe mkojo.

Sasa kengele. Si biashara ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa watoto aliyeitwa Pfaundler alitengeneza kifaa cha kuwajulisha wauguzi kwamba mtoto amelowa, ili abadilishwe haraka. Baada ya muda akaona watoto waliowekewa kifaa hicho wanaacha kukojoa. Mwaka 1938 wanandoa Mowrer wakaigeuza kuwa njia rasmi ya matibabu, na mpaka leo ndiyo yenye matokeo yanayodumu kuliko dawa. Takriban theluthi mbili ya watoto hukauka wakiwa wanaitumia, na karibu nusu ya wote walioianza hubaki wakavu baada ya kuivua. Naomba uitazame namba hiyo kwa macho mawili: ni tiba nzuri, na kuna watoto ambao haitawafaa kwa mara ya kwanza.

Zipo za aina mbili. Moja ni mkeka mwembamba unaotandikwa chini ya shuka, umeunganishwa na kengele mezani. Nyingine ni kipande kidogo kinachobanwa mbele ya chupi, na kengele inapachikwa begani kwenye fulana. Zote zinalia tone la kwanza linapogusa. Kwa mtoto anayejigeuzageuza, ile ya chupi inashika mapema zaidi. Nepi haivaliwi kipindi hiki, kwa sababu inanyonya mkojo na kengele inachelewa.

Kengele inaunganisha vitu viwili ambavyo havikuwa vimeunganishwa, kibofu kilichojaa na kuamka. Ikirudiwa usiku baada ya usiku, ubongo unaanza kuitikia mapema, kwanza katikati ya mkojo, halafu mwanzoni, halafu kabla. Baadaye watoto wengi hata hawaamki tena. Wanalala mpaka asubuhi, kibofu kimejifunza kushika.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi ni hili: wiki za kwanza kengele haimwamshi mtoto, inawaamsha ninyi. Italia, wewe utaruka kitandani, mdogo wake ataamka analia, na mwenyewe amelala kama gogo. Wazazi wengi huikatia tamaa usiku wa tatu kwa sababu hiyo, wakidhani kifaa ni kibovu. Si kibovu. Huo ndio ugonjwa wenyewe mnaousikia kwa sauti. Mmoja wenu alale chumba kimoja naye au mlango wa pili, na mgawane zamu kama mnaweza, maana huu ni mzigo wa miezi miwili mitatu.

Ikilia, nenda upesi. Usiizime wewe. Mguse, mwite jina, msimamishe, na mkono wake mwenyewe ndio uizime. Hakikisha ameamka kweli. Mwulize neno la siri mlilokubaliana jioni. Akishindwa kulisema, bado amelala, mpanguse uso kwa kitambaa chenye maji. Aende chooni kwa miguu yake akamalize hata kama limebaki tone. Abadilishe chupi, mbadilishe shuka pamoja, afunge kengele tena, alale. Ikilia mara ya pili usiku huohuo, mnarudia vilevile. Kitanda kitandikwe kwa tabaka: mpira wa godoro, shuka, mpira wa pili, shuka la pili. Mnavua la juu tu, na la chini liko tayari. Dakika nne mmemaliza, taa ndogo, sauti ya chini, hakuna mazungumzo ya "tena?".

Yule binti, wiki ya kwanza kengele ililia usiku sita, na usiku mwingine mara mbili. Hakuamka hata mara moja bila mama yake. Wiki ya tatu mama aliandika daftarini, "Nimemkuta amekaa." Jambo hilo dogo lilinifurahisha kuliko usiku mkavu, kwa sababu lilionyesha ile simu imeanza kusikika. Dalili za mapema ndizo hizi: anaamka mwenyewe kwa sauti, doa linakuwa dogo, kutoka shuka zima hadi ukubwa wa sahani hadi kiganja, na saa ya kulia inasogea. Kwake ilihama kutoka saa tano na nusu usiku hadi karibu saa tisa. Wiki ya saba usiku wa kulowa ulikuwa mmoja. Kisha wiki ya nane akawa na mafua, akalowa usiku tatu mfululizo, na mama akanipigia kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. Nikamwambia aendelee bila kubadilisha chochote. Wiki ya kumi na moja alikamilisha usiku 14 mfululizo akiwa mkavu.

Hapo ndipo wengi huivua kengele, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Sisi hatukuivua. Tuliendelea nayo na tukaongeza maji makusudi, mililita 120 kabla ya kulala, na kila baada ya usiku miwili mkavu tukaongeza 60, mpaka zikafika kama 300. Tulikuwa tunampa ubongo mtihani mgumu kuliko maisha ya kawaida. Alilowa mara mbili katika kipindi hicho, jambo tulilolitarajia, akarudi kukauka, na usiku 14 mingine ulipotimia akaivua mwenyewe. Mtoto akirudi kulowa miezi ya baadaye, zaidi ya mara mbili ndani ya wiki mbili, mnaifunga tena. Mara ya pili huwa fupi.

Kama baada ya wiki nne hakuna hata dalili moja kati ya nilizozitaja, isimamishe, mkapumzike miezi mitatu minne. Zikiwepo, endeleeni mpaka apate usiku 14 mkavu, ambao kwa wengi huja kati ya wiki ya 8 na ya 16.

Na sasa nakuambia jambo ambalo huenda hukulitarajia: usianze kengele wiki hii. Kengele inayolia saa nane usiku katika nyumba ambayo mtoto huchapwa kwa kulowa inakuwa king'ora cha adhabu. Atalala akiogopa, atachomoa waya kwa siri, na ataichukia. Kwanza baba akubali, tena akubali mbele ya mtoto. Nimeona baba mmoja akimwambia mwanawe, "Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka darasa la sita, na sikumwambia mtu." Sijaona dawa inayofanya kazi haraka kuliko sentensi hiyo. Kama baba yake hakuwahi, basi aseme tu, "Nilikosea kukuchapa. Hukufanya makusudi." Inatosha, ila isemwe.

Lile suala la uvunguni litatueni hivi: wekeni ndoo yenye mfuniko kwenye kona moja, na mwambie shuka lililolowa linakwenda humo, hakuna maswali. Kulipeleka kwenye ndoo ni kazi yake, kama kupeleka sahani jikoni. Si adhabu, na asiambiwe alifue peke yake alfajiri wenzake wakimtazama. Aoge asubuhi kabla ya shule, kwa sababu harufu ndiyo inayomfichua, na yeye mwenyewe huizoea asiisikie. Neno "kikojozi" lisitamkwe na yeyote nyumbani, hata kwa mzaha. Ndugu zake waambiwe kwa kifupi kwamba mwili wake unajifunza na hilo si la kusimulia nje.

Kuhusu zawadi, msimpe kwa usiku mkavu. Huwezi kumlipa mtu kwa jambo alilolifanya usingizini, na usiku atakaolowa atahisi amenyang'anywa. Mpeni nyota daftarini kwa aliyoyafanya akiwa macho: kunywa maji mchana, kukojoa kabla ya kulala, kuizima kengele kwa mkono wake. Hizo anaweza kuzipata hata wiki ambayo amelowa siku zote saba.

Kusubiri nako ni chaguo la haki. Kila mwaka kama watoto 15 katika 100 wanaokojoa huacha wenyewe. Lakini mtoto anayelowa kila usiku huwa na nafasi ndogo kuliko anayelowa mara moja moja, na wa kwako ameshaanza kujificha. Mimi nisingesubiri.

Imebaki safari. Miezi minne inatosha kwa daftari, choo na sehemu kubwa ya kengele, ila haitoshi kwa ahadi, kwa hiyo usimwahidi atakwenda akiwa amepona. Mwone daktari kuhusu desmopresini, ambayo inafanya kazi ya ile homoni ya usiku. Inafaa zaidi kwa mtoto ambaye daftari limeonyesha mkojo mwingi wa usiku. Hufanya kazi usiku ilipotumika, na ikiachwa wengi hurudi walipokuwa, ndiyo maana nawapa zaidi kwa nyakati kama hizi. Ina sharti moja lisilo na mjadala: kuanzia muda wa saa moja kabla ya kuimeza mpaka zipite saa nane tangu aimeze, asinywe zaidi ya mafunda machache. Akinywa maji mengi juu yake, chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Siku akitapika, akiharisha au akiwa na homa, haimezwi. Ijaribuni nyumbani wiki mbili tatu kabla ya safari, mjue kama inamfaa na kwa kipimo gani. Msiijaribu kwa mara ya kwanza huko safarini.

Mwalimu mmoja tu aambiwe, yule atakayelala nao, na mtoto ajue ni nani na akubali. Mwalimu huyo ndiye ashike dawa na kuhakikisha sharti la maji linafuatwa. Mpe mtoto mfuko wa kulalia wa rangi nyeusi, na ndani yake, chini kabisa, nepi mbili za kuvutwa kama chupi, zimekunjwa ndani ya suruali ya kulalia. Ataingia kwenye mfuko akiwa na suruali hiyo mkononi, kama mtu anayebadilisha nguo, avae humohumo. Asubuhi anavua humohumo, anaitia kwenye mfuko wa plastiki mweusi aliobebewa, na mwalimu anaupokea pamoja na nguo chafu za wengine. Fanyeni mazoezi ya hayo sebuleni, taa ikiwa imezimwa, mara mbili au tatu kabla ya kuondoka.